Anwani, Poti na Itifaki: Barua Inavyosafiri Kati ya Kompyuta Mbili



Naomba tuanze na bahasha. Upande wa mbele pameandikwa jina la mtu, chini yake S.L.P. na namba, na chini kabisa jina la mji. Karani wa posta anayechambua barua husoma kuanzia chini. Kwanza anatazama mji, ili ajue barua iingie mfuko gani. Mfuko ukifika mjini, karani wa huko hana haja tena na jina la mji. Anatafuta namba ya sanduku. Mwenye ufunguo wa sanduku ndiye anayetoa barua, na ni yeye peke yake anayehitaji kuelewa lugha iliyoandikwa ndani. Kila mmoja anasoma sehemu yake, na anayefuata anaachiwa iliyobaki.

Mtandao wa kompyuta hufanya kazi kwa mgawanyo huo huo. Mji ni anwani. Namba ya sanduku ni poti. Makubaliano ya jinsi ya kuandika, kutuma na kujibu ndiyo itifaki. Nataka kuwaonyesha kwamba haya ni maswali matatu yanayojitegemea, na kwamba mtu anayeyatenganisha haishii kusema "mtandao umegoma". Anajua ni swali lipi kati ya matatu limekosa jibu, na mara nyingi anaweza kulijibu mwenyewe bila kumwita fundi.

Nitatumia tukio moja hadi mwisho. Mwalimu ana kompyuta mpakato yenye folda ya maelezo ya somo la Baiolojia. Wanafunzi wana simu lakini hawana bando. Darasani kuna rauta ndogo ya Wi-Fi ambayo haijaunganishwa na intaneti kabisa. Kazi yake ni kuunganisha vifaa vilivyomo chumbani tu. Mwalimu anataka simu zisome mafaili yaliyo kwenye kompyuta yake. Jambo hili linawezekana, halimgharimu mtu bando, na ndani yake mna yote ninayotaka kuyaeleza.

Tuanze na anwani. Kompyuta ya mwalimu inapojiunga na Wi-Fi, rauta huipa anwani. Mwalimu akitaka kuijua, anafungua dirisha la amri na kuandika `ipconfig` kama anatumia Windows, au `ip addr` kama anatumia Linux. Kati ya mistari itakayotokea ataona namba kama hii: `192.168.1.20`. Ni namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, na kila moja inaweza kuwa yoyote kuanzia 0 hadi 255. Simu ya mwanafunzi mmoja nayo, tuseme, imepewa `192.168.1.35`.

Namba hizo zina mpangilio. Katika rauta nyingi za nyumbani na shuleni, namba tatu za mwanzo hutaja mtandao na ya nne hutaja kifaa. Simu inapotaka kutuma kitu kwenda `192.168.1.20`, hulinganisha kwanza: namba tatu za mwanzo zinafanana na zangu? Zikifanana, huyo yumo humu humu, na simu inampelekea bila kutafuta njia ya nje. Zisipofanana, simu inaikabidhi rauta ili iitafutie njia. Karani wa posta hufanya vivyo hivyo anapoona barua ya mji wake: haitupi kwenye mfuko wa basi, anaiweka pembeni igawiwe hapo hapo.

Jambo la pili kuhusu anwani ndilo linalowasumbua wengi. Anwani hii si ya kompyuta kama namba ya utambulisho ilivyo ya mtu. Ni ya mahali ilipojiunga. Mwalimu akiibeba kompyuta ile ile kwenda nyumbani, rauta ya nyumbani itaipa anwani nyingine. Hata darasani, rauta huwa inakodisha anwani kwa muda, na kesho kompyuta inaweza kupewa `192.168.1.23`. Wanafunzi watakaoandika anwani ya jana watasema "mbona jana ilikubali?" Kabla ya kupekua kitu kingine chochote, mwalimu atazame anwani yake upya. Anayetaka isibadilike huingia kwenye mipangilio ya rauta na kuiagiza iitunzie kompyuta hiyo anwani moja.

Sasa tuseme barua imefika kwenye kompyuta sahihi. Impe nani? Kompyuta moja ina programu nyingi zinazoongea na mtandao kwa wakati mmoja: kivinjari, barua pepe, programu inayopokea masasisho, printa, mchezo. Zote zina anwani moja, kama wakazi wote wa mji wanavyohudumiwa na posta moja. Hapa ndipo poti inapohitajika. Poti ni namba kuanzia 0 hadi 65535 inayoambatana na anwani ili kuonyesha ni programu ipi ipokee. Huandikwa baada ya anwani, ikitanguliwa na nukta pacha: `192.168.1.20:8000`.

Namba ya poti peke yake haielekezi popote. S.L.P. 8000 ya Morogoro na S.L.P. 8000 ya Tanga ni masanduku mawili yasiyojuana. Hivyo poti 8000 ya kompyuta ya mwalimu na poti 8000 ya kompyuta ya jirani yake hazihusiani kabisa. Lakini ndani ya kompyuta moja, sanduku moja haliwezi kukodishwa na wawili wasiojuana. Programu ya pili ikijaribu kuchukua poti iliyoshikwa, mfumo unaikatalia kwa maneno kama haya: `Address already in use`. Mwalimu akiyaona, ajue kuna programu iliyotangulia kuichukua poti hiyo, mara nyingi ni ile ile aliyoiwasha asubuhi akasahau kuizima. Aizime, au achague namba nyingine.

Mwalimu wetu anaingia ndani ya folda ya Baiolojia kwa dirisha la amri, kisha anaandika:

```
python3 -m http.server 8000
```

Python ni lugha ya programu isiyouzwa, na ndani yake mna seva ndogo iliyo tayari. Kwenye Windows mara nyingi neno la kwanza huwa `py` badala ya `python3`. Skrini inajibu:

```
Serving HTTP on 0.0.0.0 port 8000 (http://0.0.0.0:8000/) ...
```

Mstari huu ni mfupi, lakini una majibu ya maswali yote matatu. `HTTP` ni itifaki. `0.0.0.0` inahusu anwani, na hapa maana yake ni kwamba seva itapokea barua zinazokuja kupitia anwani yoyote ya kompyuta hii. `8000` ni poti. Programu imekodi sanduku, ina ufunguo mkononi, na sasa inangoja.

Mwanafunzi anafungua kivinjari kwenye simu na kuandika `http://192.168.1.20:8000`. Tazameni jinsi maandishi hayo yalivyo bahasha kamili: itifaki mwanzoni, kisha anwani, kisha poti. Anabonyeza, na orodha ya mafaili ya mwalimu inatokea kwenye simu yake. Kwenye skrini ya mwalimu unaongezeka mstari unaotaja `192.168.1.35`, maana barua ilikuja ikiwa na anwani ya mtumaji.

Mtaniuliza: mbona tunapotembelea tovuti za kawaida hatuandiki poti? Kwa sababu kivinjari kinaiandika kwa niaba yenu. Ukianza na `http://`, kivinjari hujaza poti 80. Ukianza na `https://`, hujaza 443. Haya ni makubaliano ya dunia nzima, yanayotunzwa kwenye orodha ya taasisi iitwayo IANA. Barua pepe kati ya seva na seva hutumia 25, na huduma ya kutafsiri majina ya tovuti kuwa anwani hutumia 53. Mwalimu alichagua 8000 kwa sababu namba zilizo chini ya 1024 zimehifadhiwa kwa huduma zinazojulikana, na mifumo mingi ya Linux haimruhusu mtumiaji wa kawaida kuzichukua.

Namba hizo zimegawiwa na watu, kwa barua za kawaida za maombi. Mwaka 1995, Tatu Ylönen, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki huko Finland, alikuwa ameandika programu iitwayo SSH, ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali bila mtu wa katikati kusoma nywila. Ilikusudiwa kuchukua nafasi ya huduma mbili za zamani, FTP iliyokuwa kwenye poti 21 na Telnet iliyokuwa kwenye poti 23. Akaona 22 haina mwenyewe. Akaandika barua pepe fupi kwa IANA, enzi hizo ikiendeshwa na Jon Postel na Joyce Reynolds, akaomba apewe namba hiyo. Reynolds alimjibu siku iliyofuata kwamba amepewa. Hadi leo, msimamizi wa seva popote duniani anayeingia kazini kwake kwa mbali, kwa kawaida anapitia poti 22. Naipenda habari hii kwa sababu inaonyesha wazi kwamba hakuna siri yoyote ndani ya namba 22. Kinachoipa nguvu ni kwamba pande zote mbili zinaijua.

Turudi kwenye simu ya mwanafunzi. Imepeleka ombi kwenye poti 8000. Je, jibu litaifikiaje? Simu nayo inahitaji sanduku. Kivinjari kinapotuma ombi, mfumo wa simu hukikodishia poti ya muda, tuseme 51734, na kuiandika kwenye bahasha upande wa mtumaji. Jibu la seva linakwenda `192.168.1.35`, poti 51734. Mazungumzo yakiisha, poti hiyo inarudishwa, na ombi lijalo litapewa namba nyingine. Mwalimu akiwahi kuandika `netstat -an` wakati simu inapakua faili kubwa, ataona mstari wa namna hii:

```
TCP  192.168.1.20:8000  192.168.1.35:51734  ESTABLISHED
```

Anwani mbili na poti mbili. Kundi hilo la namba nne ndilo linalotambulisha mazungumzo. Mwanafunzi huyo huyo akipakua mafaili mawili kwa pamoja, anwani zote mbili zitabaki vile vile na 8000 itabaki vile vile, lakini poti ya upande wa simu itakuwa tofauti kwa kila faili. Ndiyo maana kurasa za faili moja haziingii kwenye faili la pili, na ndiyo maana wanafunzi arobaini wanaweza kutumia poti 8000 kwa pamoja bila kuchanganyiwa majibu.

Hapa mfano wa posta una mpaka mmoja, nao ni lazima niutaje. Sanduku la posta ni kitu cha chuma. Lipo hata kama halina mpangaji. Poti haipo mahali popote ndani ya kompyuta. Si tundu, wala si kifaa. Ni namba tu iliyo kwenye daftari la mfumo, ikisema programu fulani inapokea kwa namba fulani. Tukisema "poti imefungwa", maana yake ya kawaida ni kwamba hakuna programu iliyojiandikisha kwa namba hiyo. Ukitaka kuifungua, washa programu. Nimewaona watu wengi wakihangaika na mipangilio ya rauta "kufungua poti" ilhali programu yenyewe haijawashwa.

Sasa tuingie kwenye itifaki, na hapa tunahitaji kwenda polepole, kwa sababu itifaki si moja. Bahasha ina kanuni zake na barua iliyomo ina kanuni zake, na posta haijali ya pili.

Kanuni za nje kwanza. Faili la mwalimu halisafiri likiwa zima. Hukatwa vipande vidogo, kila kimoja kwenye mtandao wa kawaida kikiwa na takriban baiti 1500 kwa wingi wake, na kila kipande hupewa bahasha yake yenye anwani mbili na poti mbili. Picha ya kilobaiti 300 inakuwa bahasha zipatazo mia mbili. Mtandao hauahidi kwamba zote zitafika, wala kwamba zitafika kwa mpangilio. Rauta ikizidiwa, hutupa bahasha bila kumwambia mtu.

Je, picha inafikaje ikiwa nzima? Wengi hulinganisha itifaki ya TCP na barua ya rejesta. Mimi sikubaliani na ulinganisho huo. Kwenye rejesta, posta ndiyo inayobeba dhamana: karani anaandika kitabuni, mpokeaji anasaini, risiti inarudi. Kwenye mtandao posta haina dhamana yoyote. Barua zote ni za kawaida. Dhamana wanabeba waandikiani wawili wenyewe. Ni kama ndugu wawili wanaotumiana kitabu ukurasa kwa ukurasa kwa barua za kawaida, na kila ukurasa una namba. Anayepokea anajibu: nimepata hadi wa 12. Anayetuma asipopata jibu kwa muda, anautuma tena ukurasa wa 13. Ukurasa wa 15 ukitangulia kabla ya wa 14, anayepokea anauweka kando hadi wa 14 ufike. TCP hufanya hivyo hivyo, isipokuwa inahesabu baiti badala ya kurasa.

Kabla ya kuanza, ndugu hao husalimiana mara tatu. Simu inatuma bahasha ndogo: nataka kuanza, na hesabu yangu inaanzia hapa. Seva inajibu: nimekusikia, na yangu inaanzia hapa. Simu inamalizia: nami nimekusikia. Baada ya hapo ndipo ombi lenyewe linatumwa. Salamu hizi ni muhimu kwetu leo, kwa sababu tutakapofika kwenye hitilafu mtaona kwamba mara nyingi kinachokwama ni salamu.

Kuna itifaki nyingine ya nje iitwayo UDP, ambayo haina salamu, haihesabu, wala haitumi tena. Bahasha inatupwa kwenye mfuko na basi. Inafaa pale ambapo kilichochelewa hakina faida tena. Katika simu ya sauti kwa intaneti, kipande cha sauti kilichopotea ni bora kirukwe kuliko kuyafanya mazungumzo yote yasubiri. UDP iliandikwa na yule yule Jon Postel mwaka 1980, na maelezo yake yote yanatosha kurasa tatu. Nanyi mwone: poti 53 ya UDP na poti 53 ya TCP ni masanduku tofauti, maana kila itifaki ina daftari lake.

Sasa tufungue barua. Ndani ya bahasha za TCP, simu ya mwanafunzi imeandika maneno yanayosomeka na binadamu:

```
GET / HTTP/1.1
Host: 192.168.1.20:8000
```

Hii ni HTTP, itifaki ya ndani. Inasema: nipe kilichopo kwenye ukurasa wa mwanzo, na ninazungumza HTTP toleo la 1.1. Hufuata mistari mingine michache, kisha mstari mtupu unaomaanisha nimemaliza kusema. Seva inajibu kwa mstari wenye namba `200`, yaani ombi limekubaliwa, na chini yake inaweka orodha ya mafaili. Mwanafunzi akikosea jina la faili, jibu linakuja na namba `404`. Watu wengi wakiona 404 husema seva imezimika. Ni kinyume chake. Anwani ni sahihi, poti ni sahihi, salamu zimekamilika, lugha imeeleweka, na seva imetafuta ikakosa. 404 ni jibu la mtu aliyepokea barua yako na kuisoma.

Twende kwenye hitilafu, maana hapo ndipo maswali matatu yanapolipa. Nitazitaja kama zinavyotokea kwenye kivinjari cha Chrome.

Mwanafunzi wa kwanza anaona `ERR_CONNECTION_REFUSED`, na anaiona papo hapo, bila kusubiri. Maana yake bahasha ya salamu ilifika kwenye kompyuta, na karani wa hapo akajibu mara moja: sanduku hili halina mwenyewe. Kwa hiyo anwani inaelekea kuwa nzuri. Mashaka yapo kwenye poti. Ama mwanafunzi ameandika 800 badala ya 8000, au mwalimu amezima programu. Kuna sababu ya tatu iliyofichika zaidi. Programu nyingi za kujifunzia kutengeneza tovuti hujiandikisha kwenye anwani `127.0.0.1` badala ya `0.0.0.0`. Anwani hiyo ni ya kompyuta kujiandikia yenyewe, kama barua ya ndani ya jengo isiyotoka nje. Mwalimu akijaribu kwenye kompyuta yake itafunguka vizuri, naye ataapa kwamba kila kitu kiko sawa, huku simu zote zikikataliwa. Mstari ule unaotokea wakati seva inawashwa ndio utakaomwambia ukweli, ndiyo maana nasisitiza usomwe.

Mwanafunzi wa pili haoni kitu. Kivinjari kinazunguka, kinazunguka, na baada ya muda mrefu kinasema `ERR_CONNECTION_TIMED_OUT`. Huu ni ukimya, na ukimya ni habari tofauti kabisa na kukataliwa. Hakuna aliyejibu hata neno la hapana. Huenda bahasha inakwenda kwenye anwani isiyo na mtu, ingawa ndani ya mtandao mmoja simu mara nyingi hugundua hilo na kuandika `ERR_ADDRESS_UNREACHABLE`. Huenda simu imejiunga na Wi-Fi nyingine bila mwenyewe kujua. Lakini sababu ninayoikuta mara nyingi zaidi ni ukuta wa moto, yaani programu ya ulinzi inayokagua bahasha zinazoingia na kuzitupa kimya kimya zile zisizo na ruhusa. Windows, mara ya kwanza Python inapotaka kupokea barua, huleta dirisha la kuuliza kama iruhusiwe. Mwalimu mwenye haraka hubonyeza kufuta, na tangu hapo kila bahasha inatupwa. Anatakiwa aingie kwenye mipangilio ya ulinzi na kuiruhusu Python kwenye mtandao wa nyumbani au kazini. Sababu nyingine ni rauta yenyewe: mitandao ya wageni, kama ya hotelini, mara nyingi hupangwa ili vifaa visionane kabisa. Hapo hakuna utakachorekebisha kwenye kompyuta. Tafuta rauta nyingine.

Mwanafunzi wa tatu ameandika `https://192.168.1.20:8000`, kwa herufi moja ya ziada. Chrome inampa `ERR_SSL_PROTOCOL_ERROR`. Kwenye skrini ya mwalimu unatokea mstari wa ajabu wenye alama kama `\x16\x03\x01` na namba `400`. Anwani imekubali, poti imekubali, salamu zimekamilika. Kisha simu imeanza kuzungumza kwa lugha ya siri ya HTTPS, na seva, inayojua HTTP tupu, haikuelewa hata neno la kwanza. Barua imefika kwa mwenyewe, ila imeandikwa kwa lugha asiyoijua. Kubadilisha anwani au poti hakutasaidia. Ifutwe ile herufi `s`.

Sasa tuseme mwanafunzi mmoja anamtumia anwani hiyo binamu yake aliye Mombasa. Binamu anaandika `192.168.1.20:8000` na hapati kitu, au anafungua printa ya nyumbani kwao. Sababu ni kwamba anwani zinazoanza na 192.168, pamoja na zinazoanza na 10, na kundi la 172.16 hadi 172.31, zimetengwa kwa matumizi ya ndani. Kila nyumba na kila shule inaruhusiwa kuzitumia, na nje hazisafirishwi. Zilitengwa kwa sababu anwani zote za namba nne, za ndani na za nje, ni takriban bilioni 4.3 tu, na vifaa ni vingi kuliko hizo. Aina mpya, IPv6, ina nafasi tele, lakini bado tunaishi na zote mbili.

Wengi wetu tumesoma shule ambazo wanafunzi wote walitumia S.L.P. moja ya shule. Barua ilikuja kwa jina la mwanafunzi kupitia sanduku hilo, na ofisi ndiyo iliyojua nani yuko bweni gani. Rauta iliyounganishwa na intaneti hufanya kazi hiyo. Kwa nje ina anwani moja. Simu ya ndani inapotuma barua nje, rauta hufuta anwani ya mtumaji na kuweka yake, huweka poti ya kwake, na kuandika daftarini: poti hii ni ya simu ile. Jibu likirudi kwenye poti hiyo, inasoma daftari na kuligawa. Kampuni za simu nazo hufanya hivyo kwa kiwango kikubwa zaidi, wateja wengi wakishiriki anwani moja ya nje.

Lakini daftari hilo huandikwa na barua inayotoka. Barua inayoingia bila kutanguliwa na ombi haina mstari wake daftarini, na rauta haijui impe nani, inaitupa. Kwa hiyo hata rauta ya darasani ikiunganishwa na intaneti, binamu wa Mombasa hawezi kuifikia kompyuta ya mwalimu hadi msimamizi wa rauta aandike mwenyewe mstari wa kudumu: chochote kinachokuja poti 8000, kipelekwe `192.168.1.20`. Hapo ndipo maneno "kufungua poti kwenye rauta" yanapokuwa na maana yake halali, nayo yanahitaji pia rauta iwe na anwani ya nje isiyoshirikiwa.

Nisingemshauri mwalimu wetu afanye hivyo. Ile seva ndogo haiulizi nywila, inaonyesha kila kilichomo ndani ya folda, na barua zake hazifichwi njiani. Ndani ya darasa, pamoja na watu anaowafahamu, kwa kipindi kimoja, inatosha. Aweke ndani ya folda yale tu anayotaka yasomwe, na asiiwashe seva akiwa kwenye folda yenye matokeo ya mitihani. Kipindi kikiisha abonyeze `Ctrl` na `C` kwa pamoja. Programu inazimika na poti inarudishwa kwa mfumo. Mwanafunzi atakayejaribu kufungua ukurasa dakika moja baadaye, kama simu haikuuhifadhi, kwa kawaida ataona `ERR_CONNECTION_REFUSED`, naye sasa anajua kwamba kompyuta bado ipo na kwamba kilichoondoka ni programu.